Jinsi ya kugeuza bei ya zamani kuwa thamani ya leo kwa fahirisi ya bei za walaji

Maswali ninayoletewa kuhusu bei za zamani hayabadiliki. Nizidishe au nigawe? Nichukue fahirisi ya mwaka au ya mwezi? Mbona jibu langu limetoka karibu sawa na bei niliyoanza nayo? Nitayajibu kwa mfano mmoja tu, tutakaoufuata toka mwanzo hadi mwisho. Chukua kalamu na kikokotoo ufanye nami, kwa sababu hesabu hii huelewi kwa kuisoma, unaielewa kwa kuifanya.

Mfano wetu ni stempu ya barua ya kawaida nchini Marekani. Nimeichagua kwa sababu tatu. Bei zake zinajulikana hadi tarehe zilipobadilika. Kinachonunuliwa kimebaki kile kile kwa miongo mingi, yaani kusafirisha barua moja isiyozidi aunsi moja, kama gramu 28 hivi. Tena fahirisi ya bei ya nchi hiyo inaanzia mwaka 1913 na inapatikana bure, kwa hiyo kila namba nitakayoitaja unaweza kuihakiki mwenyewe. Kama bei zako ni za nchi nyingine, badili takwimu tu, hatua ni zile zile.

Kabla ya yote, tuelewane kwa maneno mawili. Bei ya wakati wake ni ile iliyoandikwa kwenye risiti siku ya kununua. Bei halisi ni ile bei baada ya kuondolewa athari ya mfumuko wa bei. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana katika mazungumzo ya kila siku tukisema "bei halisi" tuna maana ya bei iliyolipwa kweli. Katika hesabu hii ni kinyume: bei halisi hakuna aliyewahi kuilipa, ni matokeo ya kukokotoa.

## Unachohitaji

- Bei ya zamani, pamoja na mwaka wake, na ikiwezekana mwezi wake. Bei isiyo na tarehe haina kazi hapa.
- Fahirisi ya bei za walaji ya nchi ambayo fedha yake ndiyo iliyolipwa. Ofisi ya takwimu ya nchi husika ndiyo huitoa. Kwa Marekani ni Bureau of Labor Statistics.
- Tarehe unayotaka kuifanya "leo". Mimi nitatumia mwaka 2024.
- Kikokotoo, au programu ya majedwali kama Excel ikiwa una bei nyingi.

Nadharia ni fupi. Ofisi ya takwimu huchukua kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua, ikafuatilia gharama ya kapu hilo mwezi hadi mwezi. Kipindi kimoja hupewa namba 100, nacho huitwa kizio. Vipindi vingine vyote hupimwa dhidi yake. Fahirisi ya Marekani inayotumika sasa ina kizio cha wastani wa 1982 hadi 1984, kwa hiyo 313.689 ya mwaka 2024 ina maana kwamba kapu lililogharimu 100 katika kizio liligharimu karibu 314 mwaka 2024. Fahirisi siyo bei ya kitu chochote, na yenyewe haina fedha ndani yake. Kinachofanya kazi ni uwiano wa fahirisi mbili.

## Hatua kwa hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja.

Usianze na fomula. Andika: "Stempu iliyouzwa senti 15 mwaka 1980 ni sawa na senti ngapi za mwaka 2024?" Sentensi hiyo inataja bei, mwaka wa kutoka na mwaka wa kwenda. Ikikosa kimojawapo, hesabu itakwama au, vibaya zaidi, itakupa jibu la swali ambalo hukuuliza.

2. Tafuta namba mbili za fahirisi.

Unahitaji fahirisi ya mwaka wa kutoka na ya mwaka wa kwenda. Kwa swali letu, wastani wa mwaka 1980 ni 82.4 na wa mwaka 2024 ni 313.689.

Utakuta mifululizo miwili yenye majina yanayofanana. Mmoja umesawazishwa ili kuondoa mawimbi ya misimu, mwingine haukusawazishwa. Kwenye tovuti ya ofisi hiyo usiosawazishwa una alama `CUUR0000SA0`, na uliosawazishwa ni `CUSR0000SA0`. Kwa kazi ya kugeuza bei chukua usiosawazishwa. Uliosawazishwa umetengenezwa kwa watu wanaotazama mwenendo wa mwezi hadi mwezi, na namba zake za miaka ya karibuni hurekebishwa kila mwaka. Utafanya hesabu leo, mwakani urudi ukute namba zimesogea.

Mwezi au mwaka? Kanuni ni kwamba fahirisi ifuate bei. Bei iliyotawala mwaka mzima iende na wastani wa mwaka. Bei ya siku moja, kama ya risiti, iende na fahirisi ya mwezi ule. Senti 15 zilidumu mwaka 1980 wote, kwa hiyo wastani unatufaa. Ila usichanganye, upande mmoja mwezi na mwingine wastani wa mwaka, bila sababu. Katika miaka ya mfumuko mkali Januari na Desemba hazilingani hata kidogo.

3. Hakikisha namba zote mbili zina kizio kimoja.

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ofisi za takwimu hubadilisha kizio kila baada ya miaka kadhaa. Fahirisi ya Marekani iliwahi kutumia 1967 kuwa 100. Ukifungua chapisho la wakati ule, utakuta fahirisi ya 1980 ni 246.8, siyo 82.4. Zote mbili ni sahihi. Ni kama urefu ule ule uliopimwa kwa futi na kwa mita. Sasa tazama kinachotokea mtu akichukua 246.8 ya chapisho la zamani akaiweka na 313.689 ya mfululizo mpya:

```
15 × 313.689 ÷ 246.8 = 19.1
```

Anapata senti 19, anaridhika, anaondoka. Jibu la kweli, kama tutakavyoona, ni mara tatu ya hilo. Hakuna kitu kwenye hesabu kitakachomwambia amekosea, maana 19 ni namba inayoonekana ya kawaida kabisa.

Dawa yake ni kuunganisha mifululizo. Tafuta mwaka mmoja unaopatikana katika vizio vyote viwili, gawa fahirisi mpya kwa ya zamani, upate kiungo:

```
82.4 ÷ 246.8 = 0.33387
```

Kisha kila namba ya mfululizo wa zamani izidishe kwa kiungo hicho. Mathalani, mwaka 1972 una 125.3 kwa kizio cha 1967. Ukizidisha kwa 0.33387 unapata 41.8, na ndiyo namba iliyoko kwenye mfululizo mpya. Fanya jaribio kama hili kila mara, kwa mwaka ambao jibu lake unalo. Likikubali, kiungo chako ni kizima. Likikataa, huenda mifululizo yenyewe siyo ya kapu moja: mmoja wa mijini peke yake na mwingine wa nchi nzima, kwa mfano.

4. Zidisha kwa fahirisi unakokwenda, gawa kwa unakotoka.

```
bei halisi = bei ya zamani × fahirisi ya leo ÷ fahirisi ya zamani
           = 15 × 313.689 ÷ 82.4
           = 57.1
```

Kwa hiyo senti 15 za mwaka 1980 zina uzito wa senti 57 za mwaka 2024. Nasema 57 kwa makusudi. Fahirisi za zamani hutolewa kwa desimali moja tu, kwa hiyo kuandika 57.104 ni kujidai usahihi ambao chanzo chenyewe hakina.

5. Kagua mwelekeo.

Kama fahirisi imepanda kati ya miaka yako miwili, bei ya zamani lazima ikue ukiileta mbele na ipungue ukiirudisha nyuma. Ikiwa imefanya kinyume, umegeuza sehemu ya kuzidisha na ya kugawa. Ukaguzi huu ni wa sekunde tano.

Ukaguzi wa pili ni kwenda upande wa pili. Kuanzia tarehe 14 Julai 2024 stempu iliuzwa senti 73. Tuirudishe kwenye fedha ya 1980:

```
73 × 82.4 ÷ 313.689 = 19.2
```

Sasa linganisha kwa kila upande. Kwa fedha ya 2024 tuna 57.1 dhidi ya 73. Kwa fedha ya 1980 tuna 15 dhidi ya 19.2. Kote kuwili stempu imepanda kwa asilimia 28. Uwiano ukitofautiana, kuna namba umeinakili vibaya.

(Msomaji makini ataniuliza kwa nini nimetumia wastani wa mwaka mzima kwa bei iliyoanza Julai. Ni kweli, mwaka 2024 ulikuwa na bei tatu: senti 66 hadi tarehe 20 Januari, 68 kuanzia tarehe 21, kisha 73. Ukitumia wastani wa Julai hadi Desemba badala ya mwaka mzima, tofauti ni karibu nusu asilimia. Hapa naivumilia. Katika mwaka ambao bei zinapaa nisingeivumilia.)

6. Rudia kwa miaka yote unayoitaka.

Bei mbili hukupa jibu, ila hazikupi mwenendo. Weka mwaka kwenye safu ya A, fahirisi safu ya B, bei ya wakati wake safu ya C. Kama data yako inaanzia mstari wa 2 na mwaka 2024 uko mstari wa 9, andika kwenye seli ya D2:

```
=C2*$B$9/B2
```

Kisha buruta hadi chini. Zile alama za dola zinaifunga seli ya mwaka unaokwenda. Ukizisahau, rejea itashuka pamoja na mistari, na kila mwaka utapimwa kwa fedha tofauti. Matokeo ni haya, bei zote kwa senti:

| Mwaka | Fahirisi | Bei ya wakati wake | Bei halisi ya 2024 |
|---|---|---|---|
| 1960 | 29.6 | 4 | 42 |
| 1972 | 41.8 | 8 | 60 |
| 1980 | 82.4 | 15 | 57 |
| 1992 | 140.3 | 29 | 65 |
| 2000 | 172.2 | 33 | 60 |
| 2010 | 218.056 | 44 | 63 |
| 2020 | 258.811 | 55 | 67 |
| 2024 | 313.689 | 73 | 73 |

Hakikisha mstari wa mwaka wa mwisho una bei ile ile katika safu zote mbili. Usipokuwa hivyo, fomula yako imefungwa kwenye seli isiyo yake.

7. Soma jedwali kabla ya kutoa hukumu.

Ukitazama safu ya tatu peke yake, stempu imepanda zaidi ya mara 18 tangu 1960, na mtu atasema posta wamekuwa wanyang'anyi. Safu ya nne inasema mengine. Kupanda kwa kweli kulikuwa kati ya 1960 na 1972, ambapo bei halisi iliongezeka kwa takriban asilimia 42. Baada ya hapo, kwa karibu miaka 50, ikawa inazungukia senti 57 hadi 67. Sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kuwa kupanda ilikuwa ni fedha yenyewe kupungua nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali hili limelificha, nami naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Senti 15 zilianza Mei 1978 na hazikuguswa hadi Machi 1981. Hebu tupime bei hiyo moja katika miaka miwili inayofuatana. Wastani wa 1979 ni 72.6, kwa hiyo:

```
mwaka 1979: 15 × 313.689 ÷ 72.6 = 64.8
mwaka 1980: 15 × 313.689 ÷ 82.4 = 57.1
```

Bei haikubadilika hata senti moja, lakini stempu ilikuwa rahisi kwa asilimia 12 hivi ndani ya mwaka. Ndivyo bei halisi zinavyokwenda wakati bei za wakati wake zimesimama: zinateremka kimya kimya, kisha siku bei inaporekebishwa zinaruka juu ghafla. Kwa hiyo mwaka utakaouchagua kuanzia unaweza kuamua hadithi yako. Anayeanza kupima muda mfupi kabla ya bei kurekebishwa atapata ongezeko kubwa, na anayeanza mara baada ya marekebisho atapata dogo. Kama unabishana na mtu kuhusu bei, muulize kwanza ameanzia wapi.

8. Andika jibu pamoja na vipimo vyake.

Sentensi kamili ni hii: "Senti 15 za mwaka 1980 ni sawa na senti 57 za mwaka 2024, kwa wastani wa mwaka wa fahirisi ya bei za walaji ya Marekani, usiosawazishwa kimsimu." Usiandike "kwa bei ya leo" bila kutaja mwaka. Maandishi hudumu, na "leo" ya mwandishi siyo ya msomaji.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kujumlisha asilimia za mfumuko. Mfumuko wa 1980 ulikuwa asilimia 13.5 na wa 1981 asilimia 10.3. Ukijumlisha unapata 23.8. Lakini fahirisi ilitoka 72.6 mwaka 1979 hadi 90.9 mwaka 1981, ongezeko la asilimia 25.2. Kila mwaka hupanda juu ya bei zilizokwisha kupanda. Kwa miaka miwili kosa ni dogo, ila kwa miaka 40 jibu halifai tena.

Kusoma pointi kama asilimia. Fahirisi ilitoka 258.811 mwaka 2020 hadi 270.970 mwaka 2021. Hizo ni pointi 12, siyo asilimia 12. Gawa ongezeko kwa fahirisi ya kuanzia, utapata asilimia 4.7.

Kuchanganya "mara" na "asilimia". Kutoka 1980 hadi 2024 fahirisi imekuwa mara 3.81 ya ilivyokuwa. Ongezeko lake ni asilimia 281, siyo 381. Mia ya kwanza ni ile uliyoanza nayo.

Kutumia fahirisi ya nchi nyingine. Bei ya zamani iliyolipwa kwa fedha ya nchi fulani hupelekwa mbele kwa fahirisi ya nchi hiyo hiyo. Ukitaka kuiona kwa dola, ilete kwanza hadi leo kwa fahirisi yake, ndipo uibadilishe kwa kiwango cha leo. Njia ya kubadili kwanza kwa kiwango cha zamani kisha kutumia fahirisi ya Marekani inajibu swali jingine: dola ambazo fedha ile ingenunua wakati ule zina uzito gani sasa. Majibu hayo mawili hayalingani, na hayapaswi kulingana.

## Ukikwama

Jibu limetoka mara elfu au mara milioni ya ulichotarajia. Angalia kama nchi iliwahi kukata sufuri kwenye fedha yake. Uturuki ilikata sufuri sita Januari 2005, na Zambia ilikata tatu Januari 2013. Bei iliyoandikwa kabla ya hapo igawe kwanza kwa milioni au kwa elfu, halafu uendelee na hatua ya 4. Fahirisi haifanyi kazi hiyo kwa niaba yako, maana yenyewe hupima uwiano wa bei tu.

Mwaka unaoutaka haumo kwenye fahirisi. Usikadirie kwa kugawa katikati kama mfumuko ulikuwa mkali. Tafuta chapisho la zamani, uunganishe kama tulivyofanya kwenye hatua ya 3. Mwaka ukikosekana kabisa, tumia ulio jirani na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Kikokotoo cha mtandaoni kinatoa jibu tofauti na lako. Mara nyingi chenyewe kimetumia mwezi wakati wewe umetumia wastani wa mwaka. Jaribu tena kwa mwezi ule ule. Tofauti ikibaki zaidi ya asilimia moja, rudi ukague kizio.

Bei halisi imetoka ile ile kwa kila mwaka. Huenda umechukua fahirisi ya kundi dogo la kitu chenyewe badala ya fahirisi ya jumla. Ukipima nauli kwa fahirisi ya nauli, umeipima kwa kivuli chake, nayo haiwezi kuonekana imepanda. Swali la "imenielemea kiasi gani ukilinganisha na vitu vingine" linahitaji fahirisi ya jumla.

Hesabu ni sahihi lakini mtu anakataa kwamba kitu kimekuwa rahisi. Anaweza kuwa na haki. Fahirisi hubeba kapu la wastani, na kapu la kaya yake halifanani na hilo. Tena bei halisi haijui mapato ya mtu: kitu kinaweza kushuka kwa bei halisi wakati mshahara wake umeshuka zaidi. Hapo gawa bei ya kila mwaka kwa ujira wa saa moja wa mwaka huo huo, vyote kwa fedha ya wakati wake. Utapata muda wa kazi unaohitajika kukinunua, na kwa hesabu hiyo fahirisi huihitaji kabisa.